Vifuko Vyeupe

Kwa miaka ishirini na mbili mtu huyu alibeba pampu ya kupigia dawa mgongoni, na kwa miaka hiyo yote ni wachache waliokumbuka jina alilopewa na mama yake. Aliitwa Pampu. Watoto wa jirani walimwamkia, "Shikamoo, Mzee Pampu," naye akaitikia marahaba bila kinyongo, maana hakuona tusi lolote hapo. Mtu mwingine hujulikana kwa deni, mwingine kwa ulevi. Yeye alijulikana kwa kazi, na kazi yenyewe aliijua barabara. Alipiga dawa shamba lake, akapiga na ya wenzake, na kabichi zilizopita mikononi mwake zilitoka zikimetameta.

Sasa pampu ilikuwa imetundikwa stoo kwenye msumari, na mwenyewe amekaa kwenye kiti cha plastiki dirishani, akiliangalia shamba kama mtu anayeangalia harusi asiyoalikwa.

Ilianza na macho. Jioni moja alirudi kutoka shambani, akamkuta mkewe amesimama mlangoni, akamwona wawili. Jasho lilimtoka ilhali hewa ni ya ubaridi, mate yakamjaa mdomoni, misuli ya kope ikawa inachezacheza yenyewe. Zahanati walimtoa damu. Majibu yaliporudi, muuguzi aliyasoma, akamtazama, akayasoma tena.

"Mzee, hii sumu ya wadudu imekuingia mpaka kwenye damu," alisema. "Usiiguse dawa. Usiichanganye, usiipige, usisimame inakopigwa. Baada ya miezi miwili urudi tukupime tena. Ukikaidi, siku moja mapafu yatasahau kazi yake."

Pampu alicheka kidogo, kicheko cha mtu mzima anayeona anatishwa na mtoto. Lakini binti yake, aliyekuwa amemsindikiza, hakucheka hata kidogo.

Binti huyo alikuwa mwaka wa pili chuo cha kilimo, na nyumbani walimwita Profesa tangu akiwa darasa la tatu, kwa maswali yake yasiyoisha. Siku hiyo walipofika nyumbani alivuta kigoda, akakaa mbele ya baba yake, magoti yakigusana.

"Baba, nina insha ya chuo. Inataka nilinganishe njia mbili za kupambana na wadudu. Nipe nusu ya shamba."

"Nusu ya shamba langu?"

"Nusu moja ipigwe dawa kama ulivyozoea. Baba mdogo atapiga, si wewe. Nusu nyingine niiendeshe kwa njia yangu. Tutahesabu kabichi zitakazokubaliwa na mnunuzi kila upande. Nusu yangu ikishinda, hiyo pampu unaiacha moja kwa moja."

"Na yangu ikishinda?"

"Ikishinda, damu yako ikishapona, sitakuzuia tena."

Mke wa Pampu, aliyekuwa anachambua mboga pembeni, aliacha kuchambua. Hapo ndipo lilipokuwa jambo lenyewe, wala tusizunguke: binti alikuwa anaweka rehani pumzi za baba yake kwa mche wa kabichi. Alijua. Ila alimjua pia baba yake, kwamba kumwambia "acha" ni kumwambia "endelea", na kwamba njia pekee ya kumtoa kwenye pampu ni kumshinda kweupe.

"Haya," alisema Pampu, akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. "Jiandae kulia, Profesa."

*

Basi miche ikapandwa. Katikati ya zile nusu mbili Profesa aliacha safu sita za mahindi yaliyokuwa tayari yamefika kiunoni, ili dawa ya upande mmoja isipeperushwe upande wa pili.

Nusu ya Pampu ilipigwa kila Jumatatu na Alhamisi. Mdogo wake, mtu wa maneno mengi na moyo mweupe, alichanganya dawa mbili kwenye pampu moja, wakati mwingine tatu, na Profesa alimlazimisha kuvaa glavu, miwani na barakoa. "Tazameni!" alipiga kelele kutoka katikati ya kabichi. "Mimi ni mfuga nyuki asiye na nyuki!" Asubuhi baada ya kupiga, viwavi wachache walikuwa chali. Wengi walikuwa wanakula.

"Hawa wameizoea, baba," Profesa alisema. "Kila ukipiga, wale dhaifu wanakufa, wale sugu wanabaki wanazaana. Unafuga wagumu."

"Unafuga wagumu," Pampu aliigiza sauti yake. "Ongeza dozi, watakufa."

Nusu ya Profesa haikupigwa. Kabla ya kupanda alikuwa ameng'oa mabaki yote ya kabichi za msimu uliopita akayafukia, kwa sababu ndimo nondo, wale vipepeo wa usiku wanaozaa viwavi, walimokuwa wanazaliana. Pembezoni alipanda haradali, nondo wakaipenda haradali kuliko kabichi wakataga huko. Kila Jumamosi alikuja kutoka chuo na daftari, akapita shambani kwa kukatakata kona, mche huu, ule kule, mpaka miche ishirini, akigeuza jani moja moja na kuhesabu viwavi. Wakiwa chini ya mmoja kwa kila mche, aliwaacha.

"Unawaona, halafu unawaacha!" Pampu alishika kichwa.

"Nawaacha wachache, baba. Wakizidi kiwango nina dawa ya bakteria. Kiwavi akilila jani lenye dawa hiyo anaacha kula, siku ya pili ya tatu amekufa. Na haiwagusi wale wanaowala viwavi."

"Nani anawala viwavi?"

"Wapo," alisema Profesa. "Subiri."

Pampu akasubiri, maana hakuwa na lingine la kufanya. Siku zake zikawa ndefu, laini, zisizo na pembe. Alikaa dirishani asubuhi akisinzia, akazinduka adhuhuri, akasinzia tena. Macho yake bado hayakuwa sawa, na shamba lilimjia kama kitu kilicho chini ya maji. Jioni, jua lilipolala, nondo wadogo wa kijivu waliinuka juu ya kabichi, wepesi, wakaelea kama majivu ya jiko lililopulizwa, na hakujua kila mara kama anawaona kweli au yuko usingizini. Harufu ya dawa haikuwepo tena nguoni mwake. Badala yake alisikia harufu ya udongo uliolowa, na ya majani, na siku moja alisikia sauti ndogo, nyembamba, isiyokatika, ikitokea upande wa binti yake. Alimwita mkewe.

"Unasikia?"

"Nini?"

"Kama mtu anaimba mbali kafunga mdomo."

Mkewe alitega sikio. "Wadudu hao, mume wangu. Maua ya haradali yale. Zamani si tulikuwa tunawasikia?"

Kweli, zamani walikuwa wanawasikia. Pampu alijaribu kukumbuka walinyamaza mwaka gani, akashindwa.

Akiwa usingizini mchana aliota anatembea shambani na pampu mgongoni, na kila alipobonyeza, badala ya dawa ulitoka mvuke mweupe mzito, mzuri, ukafunika kabichi, ukafunika nyumba, ukamfunika mkewe akichambua mboga, na yeye akaendelea kubonyeza kwa sababu mkono ulikataa kusimama. Aliamka mkono wa kulia ukibonyeza hewa. Aliutazama mpaka ulipotulia. Hakumwambia mtu.

*

Wiki ya sita Profesa alikuja na sura ya wasiwasi.

"Baba, mitihani. Jumamosi mbili sitakuja. Sina mtu mwingine." Akamwekea daftari mapajani. "Nihesabie. Miche ishirini, kama ulivyoniona. Andika unachokiona tu. Wewe ndiye macho yangu."

Weee! Kama angemkabidhi ufunguo wa benki, mzee asingevimba kifua vile. Alikuwa mpinzani wake kwenye mashindano haya, hilo hakulisahau, lakini mtoto amekuomba macho, utamnyima? Jumamosi ya kwanza, upande wa mdogo wake ukiwa umekauka dawa, aliingia nusu ya binti yake na miwani miwili: ya kusomea juu ya pua, na ya kuona mbali juu ya paji la uso.

Aligeuza jani la kwanza. Kiwavi mmoja mdogo wa kijani. Aliligusa, kiwavi akajinyonganyonga kinyumenyume, akajirusha, akaning'inia kwa uzi. Aliandika: mmoja. Mche wa pili, hakuna. Wa tatu, hakuna. Wa nne, mmoja. Alianza kushangaa. Mbona wachache? Kule kwa mdogo wake wangekuwa watano kwa mche.

Ndipo alipoviona. Chini ya jani la mche wa saba, vitu vidogo vyeupe, virefu kidogo, vimegandamana na jani kama punje ya mchele iliyokatwa nusu. Mche wa nane navyo. Wa tisa, vitatu. Kufikia mche wa ishirini alikuwa hahesabu tena. Kila alipogeuza jani alivikuta, vyeupe, safi, vimetulia, vinangoja kitu.

Mayai, alijisemea. Mayai ya nini yawe makubwa hivi? Basi ndio maana viwavi ni wachache: wakubwa wameshataga, sasa yanakuja mengine, hii ni mvua inayosubiri kunyesha. Aliwaza yote yakipasuka siku moja. Aliiona nusu ya binti yake ikigeuka nyuzi na mishipa mitupu, akamwona binti mwenyewe amesimama katikati na daftari, mbele ya mwalimu wake, mbele ya chuo kizima, amekosea.

Aliandika kwenye daftari, kwa herufi zake kubwa: *Viwavi wachache. Vyeupe vingi sana.*

Alitoa simu. Akaitazama. Binti yuko kwenye mtihani. Amtie kiwewe katikati ya karatasi? Akairudisha mfukoni.

Hapa, ndugu zangu, mtu atasema: si alikuwa anashindana naye? Si angeacha yapasuke, ashinde, achukue pampu yake? Ndivyo mtu asiye na mtoto anavyofikiri. Jumatatu alfajiri, mkewe hajaamka, mdogo wake hajafika, Pampu alikwenda stoo akaishusha pampu kwenye msumari. Alichanganya dawa mbili kwa mazoea, kifuniko kimoja, viwili, na cha tatu cha kuhakikisha. Uzito ulimkaa mgongoni kama mtoto anayemjua mbebaji. Kulikuwa na ukungu, na ukungu ule ulipokutana na dawa hakuweza kuvitofautisha. Alitembea ndani ya weupe, mstari baada ya mstari, kama ile ndoto, mkono ukibonyeza, na kwa dakika arobaini alikuwa na furaha kamili. Alikuwa anamwokoa mwanawe.

Akaosha pampu, akaitundika, akarudi kitandani. Siku hiyo nzima na tatu zilizofuata mikono yake ilitetemeka. Yule mwimbaji aliyefunga mdomo hakumsikia tena, ila alikuwa anaumwa kichwa, hakujali kusikiliza.

Jumamosi ya pili hakwenda kuhesabu. Aliandika: *Naumwa.* Hilo halikuwa uongo.

*

Profesa alirudi baada ya mitihani, siku ya Ijumaa mchana, akaingia shambani kabla hata ya kuvua viatu vya safari. Baba yake alimwona kutoka dirishani akigeuza jani la kwanza. Akageuza la pili. Halafu akachuchumaa, akakaa vile vile muda mrefu.

Alikuta viwavi sita kwa mche, saba, wa kila umri, wakubwa wameshatoboa kabichi mpaka kwenye moyo wake. Vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wamejaa kama vumbi la mkaa upande wa chini wa majani, na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi waliokuwa wanawala hawakuwepo hata mmoja. Alipiga dawa ya bakteria jioni hiyo hiyo, lakini hiyo dawa mpaka kiwavi aile, na aliyekwisha kujichimbia ndani ya kabichi anakula asikofikiwa. Alikuwa amechelewa.

Aliingia ndani na daftari mkononi. Baba yake alijiandaa.

"Baba, hapa umeandika 'vyeupe vingi sana'. Vyeupe gani?"

"Vile... kama mchele. Chini ya majani."

"Vimoja vimoja? Vyenye kama uzi wa hariri kwa nje?"

"Ee. Mayai."

"Mayai!" Profesa alipiga kofi, na uso wake ukang'aa, ukang'aa kweli, kwa nukta chache tu. "Baba, hayo si mayai! Hivyo ni vifuko vya nyigu. Wale wadogo, wadogo kuliko mbu. Wanataga ndani ya kiwavi, mtoto wa nyigu anamla kiwavi kutoka ndani, akishiba anatoka, anasuka kifuko cheupe, analala humo mpaka awe nyigu. Kila kifuko ulichokiona ni kiwavi mmoja aliyekufa! Walikuwa wengi kiasi gani?"

Pampu aligeuka kuangalia dirishani.

"Baba? Wengi kiasi gani?"

"Kila jani," alisema.

"Kila jani." Profesa alikaa chini sakafuni, pale pale. "Basi nilikuwa nimeshinda. Walikuwa wameshashika shamba lote. Sasa wamekwenda wapi? Hakuna hata mmoja, nimetafuta. Vifuko vichache nimeviona, vimetoboka, ametoka nyigu, halafu...?" Akainua macho kwa baba yake kama alivyokuwa akimwinulia akiwa darasa la tatu. "Wametoka wakaenda wapi?"

Walitoka, ndugu msomaji, wakatua kwenye jani lenye dawa. Hawakufika popote. Wale viwavi sugu waliobaki, waliozoea dawa ile kizazi baada ya kizazi, wakapata shamba lisilo na adui. Pampu aliyaelewa yote kwa mara moja, bila kusoma chuo chochote, ameketi kwenye kiti cha plastiki. Akasema, "Sijui, mama."

Alikuwa na desturi ya kumwita "mama" akiwa na huruma naye. Profesa alipangusa macho kwa mgongo wa mkono, akaenda kuoga.

*

Kabichi zilivunwa. Mnunuzi, mama mmoja anayelisha jikoni za shule, alipita upande wa Profesa akichagua kwa ncha ya kisu, akikataa nyingi kuliko alizokubali. Upande wa Pampu nao haukuwa wa kujivunia, mdogo wake alikuwa ameshabadilisha dawa mara tatu, lakini zilizokubaliwa zilikuwa nyingi kuliko za binti. Mdogo wake alimpiga kaka yake bega. "Umeshinda, kaka!" Pampu alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa pole.

Kisha zahanati. Miezi miwili ilikuwa imeshapita. Profesa alikwenda naye, na muuguzi alisoma karatasi, akakunja uso.

"Nguvu ya damu inayoshushwa na sumu haijapanda," alisema. "Ilipaswa iwe imepanda vizuri sasa. Huyu mzee amekutana na dawa tena, na si ya kunusa kwa mbali."

Macho ya Profesa yaligeuka mekundu. Walipofika nyumbani hakukaa, alikwenda moja kwa moja kwa baba yake mdogo aliyekuwa ananoa jembe uani, akamwashia moto: alimwambia alipiga dawa siku ya upepo, alimwambia hakujali dirisha la kaka yake liko wapi, alimwambia safu sita za mahindi hazizuii uzembe. Yule mtu wa maneno mengi aliweka mkono kifuani. "Mwanangu, naapa," alisema, "naapa mimi huangalia upepo." Akaacha jembe, akaondoka kichwa chini, glavu zikining'inia mfukoni.

Pampu aliyaona yote kutoka dirishani. Hata ungekuwa na moyo wa jiwe, ungeumia.

Aliingia jikoni. Profesa alikuwa mezani na karatasi zake, kalamu mkononi, pua ikiwa bado nyekundu. Jua la saa kumi lilikuwa linaingia kwa ubavu, na vumbi likaelea ndani yake polepole, na kwa muda mzee alisimama akilitazama, maana kulitazama kulikuwa rahisi.

"Unaandika nini?" aliuliza.

"Hitimisho. Kwamba kwenye shamba hili kupiga dawa kwa wingi kulishinda." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Ndivyo hesabu inavyosema. Siwezi kuandika ninachotamani. Na ahadi ni ahadi, baba. Damu ikipona, pampu ni yako."

Sasa sikilizeni. Ushindi aliokuwa ameutaka Pampu ulikuwa mezani, umeandikwa kwa wino, kwa mwandiko wa mtoto wake mwenyewe. Hakuna aliyeona alfajiri ile. Angenyamaza tu, angekuwa Pampu mpaka anazikwa. Na kama angesema, angekuwa nani? Mzee anayekaa dirishani. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya binti yake mpaka magoti yakagusana.

"Baba yako mdogo hana kosa," alisema. "Futa."

"Nifute nini?"

"Hilo hitimisho. Nilipiga mimi. Nusu yako. Jumatatu, wakati wa mitihani yako. Niliona vile vyeupe nikasema ni mayai, nikasema utaaibika. Niliishusha pampu nikapiga mistari yote. Nyigu wako niliwaua mimi, Profesa. Ulikuwa umenishinda kweupe, nikakupokonya, na sikujua nakupokonya."

Kalamu ya Profesa ilikuwa imegusa karatasi, na doa la wino lilikuwa linakua taratibu pale iliposimama.

"Saa ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Alfajiri. Kulikuwa na ukungu."

"Dawa gani?"

Akamtajia. Zote mbili. Na vifuniko vitatu.

Binti alivuta karatasi mpya, akaandika. Tarehe, saa, dawa, kipimo. Aliandika bila kuinua kichwa, herufi moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. "Na sababu?" aliuliza. "Mwalimu atataka sababu. Kwa nini mkulima alipiga dawa wakati viwavi walikuwa chini ya kiwango?"

Pampu alifikiri. Alitafuta neno la kitaalamu, la kumfaa Profesa, hakulipata.

"Aliogopa," alisema. "Andika hivyo. Aliona kitu asichokijua akaogopa."

Akaandika. Halafu kalamu ikasimama, na alipoinua uso, hasira ilikuwemo, ndiyo, nyingi, lakini haikuwa ya kabichi.

"Jumatatu ile jioni nilikupigia simu," alisema. "Mama akasema umelala na blanketi mbili mchana kutwa. Nikauliza una nini. Ukachukua simu ukaniambia ni baridi."

"Nilikwambia ni baridi."

"Ungekufa, baba. Ungekufa mimi niko kwenye mtihani wa wadudu, najibu maswali."

Alimshika mikono yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaikagua kidole kwa kidole, kama alivyokuwa akigeuza majani. Mzee alimwachia. Kwa miaka ishirini na mbili hakuna aliyewahi kuitazama mikono ile kwa namna hiyo, na sasa ilikuwa imelala kwenye mikono ya mwanawe, na ikatetemeka, na hakuificha.

"Ni hofu tu," alisema, akijaribu kucheka, akashindwa. "Nifundishe. Vile vyeupe, na vingine nisivyovijua. Vyote."